Mmoja Tulimpigia Vigelegele, Mwingine Tukamnung'unikia

Wiki hii nimepewa ukurasa huu niandike juu ya jambo ambalo wengi wenu mliliona kwa macho yenu. Wahusika wanne wamenikubalia niliandike mradi nisitaje majina yao, na mimi nawaomba msianze kuyataja huko nje kwa niaba yangu.

Mnakumbuka ile Jumapili tulitangaza ndoa mbili. Ya kwanza ilikuwa ya mzee wetu aliyefiwa na mkewe, miaka 57, mtu wa biashara ya mifugo, na dada mmoja wa miaka 28. Vigelegele vilipigwa mpaka mic ikalia. Ya pili ilikuwa ya dada mjane wa miaka 41, mama wa watoto wawili, anauza nguo za mitumba pale sokoni, na kaka wa miaka 29, fundi wa pikipiki. Hapo kanisa lilinyamaza. Halafu nikasikia ule mnong'ono unaotembea kutoka kiti hadi kiti, na mtu mmoja huko nyuma akacheka.

Kufikia Jumanne nilikuwa nimetembelewa ofisini mara tatu, na mara zote tatu ni kuhusu ndoa ya pili. Mama mmoja ninayemheshimu sana aliniuliza, "Pasta, huyo mtoto amerogwa ama amenunuliwa?" Mzee mwingine alitaka tangazo lisimamishwe kwanza "mpaka tuelewe." Kuhusu ndoa ya kwanza hakuna aliyekuja.

Sasa niseme la kwangu. Nilimwita yule dada wa miaka 41 na kumuuliza kama bado anaweza kuzaa, kama ndiye anamlipia kijana nyumba, na kama mama ya kijana anajua. Yule mzee wa miaka 57 nilimuuliza tarehe, na kama hema litatosha. Nilipofika nyumbani usiku ndipo nikafanya hesabu ambayo mtoto wa darasa la tatu angeifanya. Tofauti ya umri kwa dada mjane ni miaka 12. Kwa mzee ni miaka 29. Kama shida ni umri, basi nilikuwa nimemhoji mtu asiye na kesi na kumpita mwenye kesi.

Mimi nilisomea biashara kabla ya kuitwa katika huduma, na mkaguzi wa hesabu akitumia rula mbili katika vitabu vya kampuni moja, haitwi mkaguzi. Ndiyo maana nimekaa na jambo hili wiki kadhaa, nikasoma, nikauliza.

Kenya yetu imeshawahi kuujibu mtihani huu hadharani. Wambui Otieno wengi mnamjua kwa ile kesi ya mwaka 1987, alipopigania mwili wa mumewe, wakili S.M. Otieno, akashindwa, na marehemu akazikwa kwao Nyalgunga, Siaya. Alikuwa mwanamke aliyepitia vita vya Mau Mau na siasa za baada ya Uhuru. Mwaka 2003, akiwa mjane wa miaka 67, aliolewa kiserikali na Peter Mbugua, fundi wa mawe, ambaye magazeti yalisema ana miaka 25. Nilikuwa kijana wakati huo, lakini nakumbuka kicheko chake. Kilikuwa kwa matatu, kwa redio, hata kwa mimbari. Watu waliosema hawana haja na siasa walikuwa na haja na kitanda cha mama huyo. Wapo waliojibu kwamba wanaume wakubwa wa nchi hii wameoa wasichana wa umri wa wajukuu wao na gazeti halikuandika hata mstari. Kwa jibu hilo hakuna aliyerudisha neno la maana. Wambui alifariki Agosti 2011, miaka minane baada ya ndoa ile.

Sisemi ndoa ile ilikuwa ya kuigwa. Ninachouliza ni nchi ilikuwa inapima nini. Kama ilikuwa inapima miaka, ingewapima wote.

Basi jamii hupima nini? Hapa Isiolo hatuhitaji kwenda mbali kupata jibu. Ndugu zetu Wasamburu, walioko Oldonyiro na kule ng'ambo ya mpaka wa kaunti, waliandikwa na mtafiti mmoja Mwingereza, Paul Spencer, katika kitabu kilichotoka mwaka 1965. Alieleza jambo ambalo wazee wenyewe hapa wanalijua bila kitabu. Kijana akitahiriwa anaingia umorani, na hukaa humo miaka mingi bila ruhusa ya kuoa, mpaka rika lake lipande liwe la wazee. Wengi wanaoa wakikaribia miaka 30 ama wakiipita. Wasichana nao waliozwa mapema. Matokeo yake, mume karibu siku zote alimzidi mke kwa miaka kumi na zaidi, na mke wa pili au wa tatu alizidiwa hata zaidi.

Angalieni hesabu iliyo chini yake. Kama kila mwanamume anaoa akiwa na miaka 30 na kila mwanamke anaolewa akiwa na 17, basi wakati wowote wanawake walioolewa ni wengi kuliko wanaume waliooa. Bila pengo hilo la umri, wazee wasingepata wake wawili au watatu kila mmoja. Kwa hivyo pengo lilikuwa nguzo ya nyumba yote, na wenye kuamua nani aoe lini walikuwa ni wale wale waliofaidika na jibu. Katika mfumo kama huo, hakuna mtu angenong'ona mzee akimuoa binti.

Lakini hata hapo palikuwa na mpaka, na mpaka wenyewe unafundisha. Mzee wa Kisamburu haruhusiwi kumuoa binti wa mwenzake wa rika. Hata kama binti ametimu, hata kama mahari ipo, hapana. Baba yake ni rika lako, kwa hivyo yeye ni binti yako. Hawakuhesabu miaka. Walihesabu uhusiano: wewe ni nani kwake, na ungekuwa na nguvu gani juu yake. Mimi napata hapo hekima kuliko katika minong'ono yetu, ingawa simsahau yule msichana wa 17 ambaye hakuulizwa. Leo sheria imemtazama: Sheria ya Ndoa ya mwaka 2014 inadai kila upande uwe na miaka 18. Juu ya tofauti ya umri, sheria haina neno.

Maandiko nayo ni vivyo hivyo. Ibrahimu alimzidi Sara miaka kumi. Boazi alikuwa mtu mzima, na anamsifu Ruthu kwa kutowafuata vijana. Tena ni Ruthu aliyetembea usiku hadi uwanja wa kupuria akijua anachotaka. Halafu kuna Abishagi, msichana aliyetafutwa nchi nzima ili ampashe joto Mfalme Daudi aliyezeeka. Someni mlango ule wa kwanza wa Wafalme mtafute mahali Abishagi anasema neno. Watumishi wanasema, mfalme yupo, yeye hasemi. Baadaye ndugu wawili wanagombana juu yake kama mali ya urithi, na mmoja anakufa. Ruthu na Abishagi wote walikuwa na wanaume waliowazidi. Ni mmoja tu aliyechagua.

Nikaenda sasa kwa watafiti wa siku hizi, kwa sababu kuna swali ambalo minong'ono haijibu: hawa watu, wakishaoana, wanaridhika?

Utafiti ulionisaidia zaidi ni wa wachumi wawili, Wang-Sheng Lee na Terra McKinnish, uliochapishwa mwaka 2018. Walitumia takwimu za Australia ambako familia zile zile zilifuatwa kwa miaka 13, na kila mwaka mume na mke waliulizwa, kila mmoja kivyake, waseme wanaridhika kiasi gani na mwenzao, kutoka 0 hadi 10. Uzuri wake ni huo wa kurudi kwa mtu yule yule. Ukimuuliza bibi arusi mara moja tu unapata jibu la bibi arusi.

Walikuta kwamba mwanzoni wanaume wenye wake wadogo wanaridhika zaidi. Hilo halikushangaza mtu. Lakini wanawake nao ni vile vile: wenye waume wadogo wanaridhika zaidi, na wenye waume waliowazidi wanaridhika kidogo. Yaani ile hadithi tunayoambiana, kwamba mwanamke kwa asili anatulia na mwanamume mkubwa, haikuonekana pale. Nilipomsomea mke wangu sehemu hii alicheka akaendelea kukatakata sukuma. (Nimemzidi miaka mitatu. Sikumuuliza zaidi.)

La pili ndilo zito. Ile faida ya mwanzoni haidumu. Kwa wanandoa waliopishana sana umri, kuridhika kunashuka haraka kuliko kwa walio karibu, na kati ya mwaka wa sita na wa kumi ile faida imekwisha kufutika. Kushuka huko kunawakumba wote, mume na mke. Sisi wa biashara tungesema mali hii inashuka thamani kwa kasi, hata kama siku ya kununua iling'aa.

La tatu ni juu ya mtikisiko wa kiuchumi: kazi ikipotea, biashara ikianguka, mali ikiisha. Ndoa nyingi hutikiswa na hayo, lakini zenye pengo kubwa zilishuka zaidi. Watafiti wanadhani ni kwa sababu watu wa umri mmoja wako karibu katika maamuzi ya maisha, kama vile kuzaa lini na kutumia pesa vipi, na hivyo ni rahisi kwao kujipanga upya pamoja. Waliopishana wanakutana na mshtuko kila mmoja akiwa kituo chake cha safari.

Ni Australia, ndiyo. Kule hakuna mahari wala ukoo unaokaa kikao. Na ni wastani: wapo waliopishana miaka 25 wanaopendana mpaka kaburini, na wapo wa rika moja wanaorushiana sahani. Lakini mtikisiko wa kiuchumi si kitu cha Australia. Ukame wa kuanzia mwisho wa 2020 mpaka 2022 tuliuona sote, misimu ikipita bila mvua, mizoga kando ya barabara ya Merti. Kuna wanaume humu waliolala matajiri wakaamka wachungaji wa mifupa.

Kuna na kazi nyingine ya wanasaikolojia wa Marekani, Justin Lehmiller na Christopher Agnew, kati ya 2006 na 2008. Waliwauliza wanawake, na waliowazidi wapenzi wao kwa zaidi ya miaka kumi ndio walioridhika na kujitoa zaidi, kuliko waliokuwa wadogo kwa wapenzi wao na kuliko walio sawa nao. Walikuwa wachache, sitajenga nyumba juu yake. Jambo ambalo nalishika zaidi ni hili lingine: katika mahusiano ambayo jamii inayakunjia uso, mtu akihisi kwamba jamaa na marafiki hawaukubali uhusiano wake, kujitoa kwake kunapungua, na uwezekano wa kuachana unaongezeka. Sasa fikirini ile Jumapili. Sisi tulidhani tunatazama ndoa dhaifu, kumbe huenda tulikuwa tunaidhoofisha.

Niliwaita wote wanne upya. Safari hii nilianza na mzee na dada wa miaka 28, kwa sababu hapo ndipo pengo liko.

Nilichukua karatasi tukaandika umri wao pamoja. Miaka kumi kutoka sasa, mzee ana 67, dada ana 38. Wakizaa mwakani, mtoto wa kwanza anamaliza sekondari mzee akiwa na miaka 76 hivi. Nikamuuliza mzee, karo ya miaka hiyo itatoka wapi? Akasema, "Mifugo." Nikamuuliza mifugo iliyobaki baada ya ukame ni mingapi. Akanyamaza, akataja idadi. Dada akageuka akamtazama. Alikuwa anaifahamu ile idadi ya kabla ya 2020.

Tukaendelea. Mzee ana watoto wakubwa wa marehemu mkewe. Wa kwanza ana miaka 31, amemzidi mama yake mpya miaka mitatu. Ploti ya Bulla Pesa ambayo dada alidhani ndiyo nyumba yake iliishaandikwa majina ya wavulana, na mzee hakuwa amemwambia. Si kwamba alimdanganya. Kwa mawazo yake ilikuwa jambo la kale, la mama yao, na mimi naona alikuwa na haki kuwaandikia. Lakini dada alikuwa anaingia katika ndoa ambayo hesabu yake inaonyesha wazi ataishi miaka mingi akiwa mjane, na hakujua atakuwa mjane akikaa wapi. Mzee akiaga bila wosia, mama mdogo na watoto wakubwa hukutana kortini, na ninyi mnajua familia ngapi za hapa mjini zinaongea kupitia wakili.

Dada aliomba wiki mbili. Sikumsukuma, ingawa mzee alinitazama vibaya. Alirudi akiwa na masharti mawili: wosia uandikwe kwa wakili kabla ya harusi, na wale wavulana waambiwe yeye akiwepo. Mzee alikasirika siku tatu. Kisha akakubali. Wosia umeandikwa, harusi imesogezwa hadi Desemba. Kwa mara ya kwanza nilimsikia yule dada akiongea kikao kizima, na nikajua ninachotafuta katika chumba kile: kama aliye mdogo anaweza kusema "subiri" na mkubwa akasubiri. Kama hawezi, hata pengo la miaka minne ni kubwa mno.

Kwa yule mjane na fundi wake, maswali yalikuwa mengine. Pesa zao zinajulikana kwa wote wawili. Ana daftari la biashara na kijana anajua lilipo. Kumbe kodi wanachanga. Aliponijibu hilo aliongeza, kwa upole, "Pasta, ungemuuliza na mzee kama yeye ndiye anamlipia yule dada." Nilistahili.

Suala la watoto lilikuwa la kweli, na sikuliondoa kwa sababu tu nililiuliza vibaya mara ya kwanza. Mwanamke wa miaka 41 nafasi yake ya kushika mimba imepungua sana, na hatari kwa mama na mtoto zimepanda. Kijana wa 29 anaweza kusema leo hataki mtoto wake wa damu, akalitaka akifika 37, na huo ni mwaka wa nane wa ndoa, katikati ya ile miaka ambayo watafiti waliona faida inafutika. Niliwatuma kwa daktari pamoja, si yeye peke yake. Walirudi wakiwa wameshikana mikono na wamelia, na waliyoambiwa huko ni yao.

Kilichobaki ni mama ya kijana, huko Meru. Alikuwa amesikia habari kutoka kwa mtu wa kanisa letu kabla mwanawe hajapata nauli ya kwenda kumwambia. Mtu huyo anasoma ukurasa huu. Tulienda watatu wiki iliyopita. Mama alimtazama yule dada muda mrefu, akauliza kwao ni wapi, akauliza watoto wanasoma wapi, akauliza kama yule mdogo bado anakohoa, maana hata hilo alikuwa ameshaambiwa. Kisha akasema, "Wajukuu wangu watatoka wapi?" Kijana akajibu kwamba wawili wako Isiolo na wikendi ijayo atawaleta.

Mama hakusema ndiyo. Alituwekea chai, na tulipotoka alimpa yule dada ndizi za kupelekea watoto, akamwambia azifunge vizuri zisiharibike njiani.